Ngalawa ngapi zinatosha? Kukadiria sampuli pale data zinapolalia upande mmoja

Diko la Kigombe asubuhi, maji yakiwa yanatoka, ngalawa za mshipi zinaingia moja moja. Ya kwanza ina kilo tatu, ya pili kilo mbili na nusu, ya tatu kilo tano. Halafu inaingia moja iliyoangukia kundi la samaki, na mzani unasoma kilo 38. Kila aliyewahi kushika daftari la mapato ya uvuvi kati ya Tanga na Pangani anaijua siku hiyo. Ndiyo hiyo inayoharibu hesabu ya sampuli, na mwongozo huu ni wa kuitengeneza.

Swali tutakaloshika nalo hadi mwisho ni hili: chambo cha ngisi kinavuta samaki wengi kuliko chambo cha dagaa? Nusu ya ngalawa zitatumia ngisi, nusu dagaa, na kila ngalawa itapimwa kwa kutoka mara moja. Ngalawa ngapi tuziandikishe? Namba zote za kilo hapa chini nimezitunga kwa ajili ya mfano, ila umbo lake ndilo la data za uvuvi wa mshipi: nyingi ndogo, chache kubwa, na moja inayozishinda zote kwa mbali.

Tuseme utafiti wa awali umepima ngalawa kumi kila upande, kwa kilo:

Dagaa: 1, 2, 2.5, 3, 3.5, 4, 5, 6, 9, 38
Ngisi: 1.5, 2.8, 3.2, 4.5, 5.5, 6.5, 7, 8, 12, 24

Kwanza, ona kanuni ya kawaida inavyoanguka

Kanuni ya makundi mawili ambayo wengi tulifundishwa inasema idadi ya kila kundi ni:

```
n = 2 * (1.96 + 0.84)^2 * s^2 / d^2
```

Hapo `s` ni mchepuko sanifu na `d` ni tofauti ya wastani tunayotaka kuigundua. Namba 1.96 inatokana na kukubali kosa la asilimia 5, na 0.84 inatokana na kutaka nguvu ya asilimia 80, yaani kama tofauti ipo kweli, tuione mara 80 katika 100. Jumla ya hizo mbili, bila kukata desimali zake, ikipandishwa kipeo cha pili inatoa takriban 7.85, namba itakayorudi tena na tena.

Wastani wa dagaa ni kilo 7.4, wa ngisi kilo 7.5. Mchepuko sanifu wa makundi yote mawili kwa pamoja ni kama kilo 9. Tofauti ni kilo 0.1 tu, na kanuni inajibu kwamba tunahitaji zaidi ya ngalawa 128,000 kila kundi. Sasa badilisha jambo moja tu: ile ngalawa ya kilo 38 iwe imeleta kilo 8. Wastani wa dagaa unashuka hadi 4.4, mchepuko unapungua hadi kama kilo 5, na kanuni ile ile inasema ngalawa 41 zinatosha. Ngalawa moja kati ya ishirini imetutoa kwenye 128,000 ikatuleta kwenye 41.

Kanuni yenyewe haina kosa. Inatumia wastani na mchepuko, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyobebwa na samaki wa siku moja. Kufuta ile kilo 38 kwa kisingizio kwamba ni "data mbaya" si dawa, kwa sababu ni samaki halisi waliopimwa kwenye mzani halisi.

Pili, amua unachouliza

Jaribio la Mann-Whitney, ambalo vitabu vingine vinaliita la Wilcoxon, haliangalii kilo. Linawapanga wote kwenye mstari mmoja kuanzia mdogo hadi mkubwa na kuangalia nafasi. Ngalawa ya kilo 38 inakuwa tu "ya ishirini", na ingeleta kilo 380 ingebaki ya ishirini. Kwa hiyo swali linalojibiwa ni hili: ukichukua ngalawa moja ya ngisi na moja ya dagaa bila kuchagua, ni mara ngapi ya ngisi itaishinda ya dagaa? Kiwango hicho tukiite `p`. Kikiwa 0.5, vyambo viko sawa. Kikiwa 0.7, ngisi anashinda mara saba katika kumi. Usikichanganye na thamani ya p inayotoka mwisho wa jaribio. Hiki ni kipimo cha ukubwa wa tofauti.

Nakuomba usimame hapa kidogo kabla ya kuendelea. Jumla ya samaki kwenye data zetu ni kilo 74 kwa dagaa na kilo 75 kwa ngisi, ni kama sawa. Lakini kwa siku ya kawaida ngisi anaonekana kuongoza: namba ya katikati ni kilo 6 kwa ngisi na 3.75 kwa dagaa. Kama unamfanyia kazi mnunuzi anayetaka kujua tani ngapi zitapita dikoni kwa msimu, swali lake ni la jumla, siku kubwa zinahesabika kikamilifu, na jaribio la nafasi halimfai. Kama unamfanyia mvuvi anayetaka kujua chambo kipi kitamwezesha kurudi na mboga siku nyingi zaidi, nafasi ndiyo lugha yake. Nimeona tasnifu zikikwama kwenye utetezi kwa sababu mwanafunzi alitumia nafasi kwenye hesabu, kisha akaandika hitimisho kuhusu wastani. Sampuli ilikuwa sahihi kwa swali ambalo hakuuliza.

Tatu, hesabu `p` kwa mkono

Hii haihitaji kompyuta. Chukua kila ngalawa ya dagaa, hesabu ngalawa ngapi za ngisi zinaizidi. Zikitoka sare, hesabu nusu.

Ya kilo 1 inazidiwa na zote 10. Ya kilo 2 inazidiwa na 9, ya 2.5 na 9, ya 3 na 8, ya 3.5 na 7, ya 4 na 7, ya 5 na 6, ya 6 na 5, ya 9 na 2. Ya 38 haizidiwi na yoyote. Jumla ni 63. Jozi zote ni 10 mara 10, yaani 100, kwa hiyo `p` ni 0.63. Tukiibadilisha tena ile 38 iwe 8, `p` inakuwa 0.655. Imesogea, lakini kwa hatua ya mtoto.

Sasa onyo ambalo wengi hulipita. Kwa ngalawa kumi kumi, kosa sanifu la `p` ni kama 0.13. Maana yake 0.63 yetu inaweza kuwa kweli ni 0.37, dagaa akiongoza, au 0.89, ngisi akishinda karibu kila mara. Utafiti wa awali wa ukubwa huu hauwezi kukuambia tofauti ni kubwa kiasi gani. Unachoweza kuuamini zaidi ni umbo: namba zimetawanyika vipi, na sare au sifuri ni nyingi kiasi gani. Ukubwa wa tofauti utaupata kwa wavuvi.

Nne, chagua tofauti yenye maana, kisha igeuze kuwa `p`

Mvuvi ukimwuliza "ungependa `p` iwe ngapi?" utamkosea adabu. Muulize hivi: "Mzee, ngisi bei yake iko juu ya dagaa. Akuletee samaki kiasi gani zaidi ndipo uone inalipa?" Majibu yatakuja kwa mafungu: nusu zaidi, mara mbili. Watu wanaofanya kazi yenye siku ndogo na siku kubwa hufikiri kwa kuzidisha, kwa sababu nusu zaidi ya kilo 3 na nusu zaidi ya kilo 20 ni vitu viwili tofauti. Tuseme wengi wanasema nusu zaidi, yaani mara 1.5.

Hapo ndipo logi inapoingia. Data za namna hii ukizichukulia logi ya asili, ule mkia mrefu unavutwa ndani na umbo linakaribia kengele. Na jambo ambalo naona ndilo moyo wa njia yote hii ni kwamba jaribio la nafasi halioni logi kabisa. Aliyekuwa wa saba kwa kilo atabaki wa saba kwa logi ya kilo. Kwa hiyo una ruhusa ya kupanga sampuli kwenye logi, mahali ambapo namba zina adabu, hata kama uchambuzi wako utafanywa kwenye kilo zenyewe. Matokeo ya jaribio yatakuwa yale yale.

Mchepuko sanifu wa logi za data zetu, makundi mawili kwa pamoja, ni kama 0.9. Logi ya 1.5 ni 0.405. Kama logi zinakaribia umbo la kengele na makundi yanatawanyika kwa kiasi kinacholingana, `p` inapatikana hivi:

```
p = Φ( 0.405 / (0.9 * √2) ) = Φ(0.318) ≈ 0.625
```

Alama `Φ` ni eneo la kushoto chini ya mkunjo wa kengele. Kwenye R ni `pnorm(0.318)`, kwenye Excel ni `NORM.S.DIST(0.318,TRUE)`.

Tano, pata idadi

Gottfried Noether alitoa mwaka 1987 kanuni ambayo kwa makundi mawili yanayolingana inakuwa fupi hivi, `N` ikiwa idadi ya makundi yote mawili pamoja:

```
N = 7.85 / ( 3 * (p - 0.5)^2 )
```

Kwa 0.625 tunapata 7.85 gawanya kwa 0.0469, sawa na 167.5. Tunapandisha hadi 168: ngalawa 84 kila upande. Kosa ninalolikuta mara nyingi hapa ni mtu kuichukulia `N` kama ya kundi moja na kuandikisha mara mbili ya anaohitaji. Lile jingine, baya zaidi, ni kuchukua `n` ya kanuni ya kawaida, ambayo ni ya kundi moja, na kuigawanya.

Tuhakikishe kwa njia ya pili, ile ya kurekebisha kanuni ya kawaida. Weka logi ndani yake: mbili mara 7.85 mara 0.81 gawanya kwa 0.164, inatoa kama 77.5 kila kundi. Hiyo ni idadi ya jaribio la t kwenye logi. Kuhamia kwenye nafasi kuna gharama yake. Kama logi zina umbo la kengele kamili, ufanisi wa nafasi ni 0.955 wa jaribio la t, kwa hiyo unagawa kwa 0.955 na kupata 81. Kama huna hakika na umbo, Hodges na Lehmann walionyesha mwaka 1956 kwamba ufanisi huo haushuki chini ya 0.864 kwa umbo lolote, ilimradi tofauti kati ya makundi ni ya kusogea tu bila kubadilika umbo. Gawa kwa 0.864 na unapata 90. Ndiyo asili ya ile desturi ya "ongeza asilimia 15". Jibu letu la 84 limeangukia katikati ya 81 na 90, na njia mbili zikikubaliana hivyo, unaweza kutulia.

Desturi hiyo ya asilimia 15 inatumiwa vibaya sana. Watu wanachukua mchepuko wa kilo mbichi, ule wa 9 uliobebwa na ngalawa moja, wanapata idadi ya ajabu, kisha wanaiongezea asilimia 15 juu. Ongezeko hilo haliponyi mchepuko uliopotoka. Nenda kwenye logi kwanza, ndipo uongeze.

Sita, siku za mikono mitupu

Utafiti wetu wa awali haukuwa na sifuri, lakini bahari ina sifuri. Upepo wa kusi ukikaza, au maji yakiwa mafu, ngalawa inarudi bila kitu. Logi ya sifuri haipo. Wengine huongeza 1 kwa kila namba ili logi ipatikane. Kwa kupanga sampuli siipendekezi, kwa sababu inafunika jambo kubwa kuliko yote.

Fikiri hivi. Tuseme ngalawa moja katika kumi inarudi tupu, na chambo hakihusiki na hilo. Jozi ambazo ngalawa zote mbili zina samaki ni 0.9 mara 0.9, yaani 0.81. Ndani ya hizo tu ndimo ngisi anapata nafasi ya kushinda kwa 0.625. Zilizobaki ni sare tupu kwa tupu, au moja tupu na nyingine ina samaki, na hizo zinagawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo `p` ya kweli ni 0.5 jumlisha 0.81 mara 0.125, sawa na 0.601. Irudishe kwenye kanuni: `N` inaruka kutoka 168 hadi 256.

Ngalawa tupu zikifika tatu katika kumi, `p` inashuka hadi 0.561 na `N` inafika kama 680. Vitabu vitakuambia, kwa haki, kwamba sare hupunguza kidogo idadi inayohitajika: unazidisha `N` kwa 1 toa kipeo cha tatu cha sehemu ya sare, na hapa nimekwisha kufanya hivyo. Kwa sifuri za asilimia 30 punguzo hilo halifiki asilimia 3, huku kushuka kwa `p` kumezidisha hitaji mara nne. Ukiona andiko lina punguzo la sare halafu halijarekebisha `p`, ujue sampuli haitatosha.

Kwa hiyo kabla ya lolote, fungua daftari la diko la msimu ule ule utakaofanyia kazi na uhesabu waliorudi mikono mitupu. Daftari la kaskazi halikuambii habari za kusi.

Saba, ijaribu kwenye kompyuta

Hesabu za mkono zinategemea dhana kadhaa, na dakika moja ya R inakuonyesha kama zinashikilia. Hapa tunatunga utafiti 5,000 wenye sifuri asilimia 10 na ngalawa 128 kila upande, kisha tunahesabu ni mara ngapi tofauti imeonekana:

```r
set.seed(7)
n <- 128
matokeo <- replicate(5000, {
  dagaa <- rlnorm(n, log(4), 0.9) * rbinom(n, 1, 0.9)
  ngisi <- rlnorm(n, log(6), 0.9) * rbinom(n, 1, 0.9)
  wilcox.test(dagaa, ngisi)$p.value
})
mean(matokeo < 0.05)
```

Namba itakayotoka inapaswa kukaa karibu na 0.8. Ikiwa mbali na hapo, kuna kitu umekikosea juu. Mara nyingi ni `N` na `n` kuchanganywa. Kisha jaribu kuiharibu kwa makusudi: weka 0.8 badala ya 0.9 kwenye `rbinom` uone nguvu inavyoshuka. Jaribu pia mchepuko wa 0.7 upande mmoja na 1.1 upande mwingine, kwa sababu chambo kinaweza kubadili mtawanyiko wa mapato, si kiwango chake tu. Ukiwa na data za awali za kutosha, tuseme hamsini na kuendelea, ni bora zaidi kuchota kutoka humo kwa `sample` na `replace = TRUE` kuliko kutegemea `rlnorm`.

Mwisho, yale ya dikoni

Hesabu yote imechukulia kwamba kila namba ni ya ngalawa yake. Nahodha hodari akipimwa mara nne si ngalawa nne. Mapato yake yanafanana siku hadi siku, na sampuli yako inakuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Kigombe peke yake ikikosa ngalawa za kutosha, ongeza Tongoni, Sahare na Chongoleani badala ya kurudia manahodha wale wale, na upige kura ya chambo ndani ya kila kijiji, siku za bamvua peke yake na za maji mafu peke yake. Kumpa kila nahodha vyambo vyote viwili kwa siku tofauti ni mpango mzuri pia, lakini hapo data zinakuwa za jozi na kanuni hii si yake.

Wengine watajiandikisha na siku hiyo wasitoke. Ukitarajia mmoja katika kumi, gawa kwa 0.9: 256 inakuwa 285, tunaiweka 286 ili makundi yalingane.

Kwenye andiko, sehemu ya sampuli isomeke hivi: "Tutalinganisha mapato ya kutoka mara moja kwa jaribio la Mann-Whitney la pande mbili. Tofauti ndogo yenye maana kwa wavuvi ni mapato mara 1.5. Kwa mchepuko sanifu wa logi wa 0.9 na asilimia 10 ya ngalawa zinazorudi tupu katika makundi yote mawili, hii ni sawa na uwezekano wa 0.60 wa ngalawa ya ngisi kuizidi ya dagaa. Kwa kanuni ya Noether, kosa la asilimia 5 na nguvu ya asilimia 80, zinahitajika ngalawa 128 kila kundi. Tutaandikisha 143 kila kundi kufidia wasiotoka."